Siku 21 za Mwisho: Kwa Nini Muuza Opsheni Huondoka Mapema

Miongoni mwa watu wanaouza opsheni kwenye masoko ya Marekani kuna kanuni fupi inayotajwa kila mara: uza mkataba uliobakiza siku kama 45, na zikibaki 21, ufunge. Ufunge ukiwa na faida, ufunge ukiwa na hasara. Anayeisikia kwa mara ya kwanza hushangaa. Muuza opsheni hula kwa kupita kwa siku, na mkataba ambao bei yake bado inagombaniwa hulipa zaidi kwa siku kadiri mwisho unavyokaribia. Mbona basi aondoke wakati malipo yanapanda?

Kanuni hiyo ilienezwa zaidi na tastytrade, kampuni ya Chicago iliyoanza mwaka 2011 chini ya Tom Sosnoff, mtu aliyewahi kufanya biashara hiyo ndani ya ukumbi wa soko la opsheni la Cboe mjini humo. Sababu inayotolewa ni moja, nayo inaitwa gama. Wengi hulikariri neno hilo bila kujua linapima nini, na matokeo yake huishika kanuni kana kwamba siku ya 21 kuna ukuta ambao ukiuvuka tu unaanguka. Ukuta huo haupo. Kilichopo ni hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Tuanze na mkataba mmoja

Chukua mfuko wa hisa unaofuata fahirisi ya S&P 500, kama ule unaoonekana kwenye skrini kwa jina la SPY, na tuseme kipande kimoja kinauzwa dola 500. Neema, jina la mfano tu, anauza opsheni moja ya aina ambayo Wamarekani huiita puti. Mnunuzi anapata haki ya kumuuzia Neema vipande 100 kwa dola 475 kila kimoja, hata kama sokoni bei imeshuka hadi 450. Dola 475 ndiyo bei ya makubaliano, na mkataba una siku 45. Kwa kubeba mzigo huo Neema analipwa ada papo hapo, kama kampuni ya bima inavyopokea mchango wa mteja kabla ajali haijatokea.

Ada ni kiasi gani? Hutegemea jinsi soko linavyotarajia bei iyumbe. Tukichukua myumbo wa asilimia 16 kwa mwaka, riba na gawio tukiviweka kando, fomula ya Black na Scholes ya mwaka 1973 inatoa takriban dola 2.70 kwa kila kipande. Mkataba mmoja ni vipande 100, kwa hiyo Neema anaweka mfukoni dola 270. Namba zote zinazofuata zimetoka kwenye fomula hiyohiyo, na zimekadiriwa kidogo ili zisomeke.

Sasa vipimo vitatu vitatosha. Cha kwanza ni theta: ni kiasi gani mkataba unapungua thamani kwa kupita siku moja tu, bei ya mfuko ikiwa palepale. Kwa Neema siku ya kwanza ni dola 8 hivi, nazo ni zake, kwa sababu mkataba aliouza kwa 270 anaweza kuununua tena kwa 262. Cha pili ni delta: mfuko ukishuka dola moja, mkataba unapanda kiasi gani. Hapa ni senti 17 kwa kipande, maana yake Neema anaumia kama mtu mwenye vipande 17 vya mfuko huo. Cha tatu ndicho gama: bei ikisogea dola moja, hiyo delta yenyewe inabadilika kwa kiasi gani. Siku ya kwanza ni karibu kipande kimoja. Mfuko ukishuka kutoka 500 hadi 499, Neema hana tena mzigo wa vipande 17, ana wa vipande 18.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa gama kwa muuzaji. Soko likimwendea vibaya, mzigo wake unakua bila yeye kuagiza chochote. Likimwendea vizuri, mzigo unapungua, kwa hiyo faida yake inazidi kuwa ndogo kwa kila hatua. Mnunuzi ana hali iliyo kinyume cha hiyo, na ndiyo maana anakubali kulipa theta kila siku.

Siku ya 21 inapofika

Ratiba yenyewe ni rahisi kuifuata. Opsheni za kila mwezi huko Marekani huisha Ijumaa ya tatu ya mwezi. Siku 45 kabla yake ni Jumanne, na siku 21 kabla yake ni Ijumaa, wiki tatu kamili. Neema anaweza kuiandika kwenye kalenda siku ileile anapouza.

Tuseme Ijumaa hiyo imefika na mfuko bado uko dola 500. Mkataba sasa una thamani ya dola 79. Muda uliopita ni zaidi kidogo ya nusu, lakini ada iliyokwisha kuyeyuka ni karibu asilimia 70, yaani dola 191. Hili huwashangaza wanaoamini kwamba opsheni zote huyeyuka kwa kasi mwishoni. Zinazofanya hivyo ni zile ambazo bei ya soko imezikaribia. Iliyo mbali na bei ya makubaliano hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake mapema, na mwishoni inabakiza makombo. Na gama ya mkataba huu je? Haijapanda. Ilikuwa 0.0091 siku ya kwanza, sasa ni 0.0083.

Kwa hiyo Neema akifunga hapa, hoja yake si kwamba gama imeshafika juu. Hoja yake ni kwamba amebakiza dola 79 za kupata, na ili azipate lazima asubiri wiki tatu huku mkataba ukiwa na uwezo wa kubadilika tabia ghafla. Ameshapokea sehemu kubwa ya ujira, na kilichobaki hakilingani na dhamana ambayo broka anaendelea kuishikilia kwenye akaunti yake.

Tuseme badala yake mfuko umeshuka hadi 480. Mkataba sasa unagharimu dola 508 kuununua tena, na Neema ana hasara ya dola 238. Delta imekuwa vipande 39, na gama imefika 0.0208, zaidi ya mara mbili ya ile ya siku ya kwanza. Kila dola moja ya kushuka inamwongezea vipande viwili hivi. Hapa ndipo kanuni inapouma, kwa sababu moyo unasema ngoja, bei bado iko juu ya 475, ikikaa hapo hadi mwisho ada yote ni yangu. Hilo ni kweli. Swali ni bei ya kungoja huko.

Gama ya mwisho inavyotenda

Ili tuione vizuri, tuiweke bei pale inapouma zaidi, yaani 475 kamili. Mara ya kwanza zimebaki siku 21, mara ya pili zimebaki siku 3. Kisha tuangalie mfuko ukishuka dola 10 ghafla, au ukipanda dola 10 ghafla. Kuyumba kwa asilimia 2 kwa siku si jambo la kila wiki, lakini si muujiza.

Zikiwa zimebaki siku 21, mkataba una thamani ya dola 727. Mfuko ukishuka hadi 465, unakuwa dola 1,327, na Neema anapoteza 600. Mfuko ukipanda hadi 485, unakuwa dola 341, na anapata 386. Tofauti kati ya maumivu na nafuu ni dola 214.

Zikiwa zimebaki siku 3, mkataba una thamani ya dola 275 tu. Mfuko ukishuka hadi 465, unaruka hadi dola 1,022, na anapoteza 747. Ukipanda hadi 485, unabaki dola 24, na anapata 251. Sasa tofauti ni dola 496.

Angalia mkataba wa siku 3 kwa makini. Ni wa bei ndogo kuliko ule wa siku 21, unaonekana umebakiza kidogo, na mtu anaweza kuuona ni salama zaidi kwa sababu hiyo. Kumbe kwa msogeo uleule wa dola 10 unakula fedha nyingi zaidi na unarudisha chache zaidi. Thamani yake imekuwa karibu mara nne ndani ya saa chache. Ndiyo maana wauzaji wengi waliopoteza faida ya miezi kadhaa kwa wiki moja hueleza kisa kilekile: mkataba ulikuwa unakaribia kwisha, ulikuwa karibu na bei ya makubaliano, nao walikuwa wakingoja dola chache za mwisho.

Sababu yake ni ya kimantiki. Mkataba ukibakiza siku nyingi, bei inaweza kuvuka 475 na kurudi mara nyingi, hivyo dola moja huku au kule haibadilishi sana uwezekano wa mwisho. Ukibakiza siku 3, dola chache zinatosha kuamua kama Neema atalazimika kununua vipande 100 au hatanunua kitu. Delta inalazimika kuruka kutoka karibu sufuri hadi karibu 100 ndani ya eneo dogo la bei, na mruko huo ndio gama. Kwa mkataba ulio kwenye bei ya makubaliano, gama hupanda kwa kufuata kipeuo cha pili cha muda: muda ukipungua mara saba, kutoka siku 21 hadi 3, gama huongezeka mara 2.65. Kutoka siku 45 hadi 21 huongezeka mara 1.46 tu. Mlima unapanda polepole, kisha unasimama wima mwishoni.

Hapo utaona pia kwamba 21 si namba takatifu. Mchoro wa gama hauna kona siku hiyo. Anayefunga siku ya 23 au ya 18 hajakosea lolote. Namba 21 imekaa mahali pazuri kwa sababu tatu: ni wiki kamili, ni karibu na nusu ya safari ya siku 45, na iko kabla ya sehemu ya mlima iliyo wima.

Nusu ya hesabu isiyosemwa

Hadi hapa mtu anaweza kudhani kwamba wiki tatu za mwisho ni biashara mbaya kwa muuzaji. Si hivyo, na hapa ndipo maelezo mengi ya kanuni hii hukatika.

Rudi kwenye mkataba ulio kwenye 475. Zikibaki siku 21, theta yake ni dola 17 kwa siku. Zikibaki 3, ni dola 46 kwa siku. Gawanya 46 kwa 17 upate mara 2.7 hivi, na tofauti ndogo inatokana na kukadiria, kwa maana uwiano halisi ni uleule wa gama, 2.65. Haikutokea kwa bahati. Ndani ya fomula, riba ikiwekwa kando, theta ni gama ikizidishwa na kiasi kinachotegemea bei na myumbo peke yake. Siku zilizobaki hazimo. Soko linamlipa muuzaji kwa gama anayoibeba, si zaidi wala si pungufu.

Matokeo yake yanaweza kupimwa. Jiulize: mfuko usogee kiasi gani kwa siku moja ndipo hasara ya gama imeze theta yote ya siku hiyo? Kwa mkataba wa siku 21 jibu ni karibu dola 4. Kwa mkataba wa siku 3, jibu ni dola 4 zilezile. Siku tulivu inampa muuzaji ushindi katika mikataba yote miwili, na siku ya msukosuko inampiga katika yote miwili. Kinachobadilika ni ukubwa wa kipigo na ukubwa wa ushindi. Kubaki hadi mwisho hakuharibu uwezekano wa Neema kushinda. Kunamwongezea ukubwa wa dau bila yeye kuongeza hata mkataba mmoja.

Hivyo ndivyo kanuni ya siku 21 inavyopaswa kueleweka. Haimpi mtu faida iliyofichika. Anayeifuata anakubali kuachia theta nono ili matokeo yake yasiyumbe sana kati ya mwezi na mwezi. Kama soko linalipa ada kubwa kuliko myumbo halisi utakaotokea, faida ya muuzaji iko kwenye pengo hilo, na pengo linaweza kuwapo siku ya 40 na siku ya 4 vilevile. Kama pengo halipo, kufunga mapema hakuliumbi.

Kufunga, au kusogeza mbele

Kwa vitendo, Ijumaa ya siku 21 Neema ana njia mbili. Anaweza kuununua mkataba na kumaliza. Au anaweza kuununua na papo hapo kuuza wa mwezi unaofuata, kwa agizo moja lenye miguu miwili, ambalo wafanyabiashara huliita kusogeza. Kwa kuwa Ijumaa ya tatu ya mwezi unaofuata iko wiki nne au tano mbele, mkataba mpya utakuwa na siku 49 au 56. Kwa namna hiyo anarudi kwenye eneo ambalo gama ni ndogo.

Katika hali ile ya mfuko kuwa 480, kusogeza kuna jaribio moja rahisi. Mkataba wa sasa unamgharimu dola 508. Wa mwezi unaofuata, wenye bei ileile ya makubaliano, una muda mrefu zaidi, kwa hiyo unauzwa ghali zaidi, naye anapokea tofauti. Akipokea fedha, anaongeza muda bila kuongeza fedha mfukoni mwa mwingine. Lakini asijidanganye: hasara ya dola 238 imeshatokea siku aliyofunga. Mkataba mpya ni biashara mpya, na swali sahihi ni kama angeuza mkataba huo leo hata kama hakuwa na ule wa zamani. Jibu likiwa hapana, kusogeza ni njia ya kutotazama hasara.

Gharama nyingine huonekana kwenye skrini. Kila kufunga kunalipiwa kamisheni, na kila kununua kunavuka pengo kati ya bei ya anayenunua na ya anayeuza. Kwenye SPY pengo hilo mara nyingi ni senti chache. Kwenye hisa ya kampuni ndogo linaweza kumeza sehemu nzuri ya ada, na hapo kufunga na kusogeza kila mwezi kunakuwa kodi. Dalili ni rahisi: kama nusu ya pengo ikizidishwa kwa vipande 100 inakaribia kiasi ulichobakiza kupata, soko hilo halikufai kwa kanuni hii.

Isichokinga

Mtu aliyefuata kanuni hii kikamilifu angeweza kuumia vibaya, na tarehe ya kuonyesha hilo ipo. Jumanne ya 30 Januari 2018 ilikuwa siku 45 kabla ya Ijumaa ya tatu ya Machi, tarehe 16. Muuzaji mtiifu angeuza siku hiyo na kupanga kufunga Ijumaa ya 23 Februari. Jumatatu ya 5 Februari, mkataba ukiwa bado na siku 39, S&P 500 ilianguka kwa asilimia 4.1 kwa siku moja, na VIX, kipimo cha Cboe cha myumbo unaotarajiwa, kilipanda kutoka 17 hadi 37. Kanuni ya siku 21 ilikuwa bado haijafikiwa.

Tena siku ile mkataba mrefu ulikuwa na ubaya wake. Myumbo unaotarajiwa ukipanda, mkataba wenye siku nyingi hupanda thamani zaidi kuliko wenye siku chache, kwa sababu una muda mrefu wa kuyumbishwa. Kwa hiyo anayekaa kati ya siku 45 na 21 anapunguza hatari ya gama na kuongeza hatari ya kupanda kwa myumbo. Hakuna mahali kwenye kalenda pasipo hatari, kuna mahali ambapo hatari moja ni kubwa kuliko nyingine.

Kanuni hii pia ina uzito mdogo kwa aliyeuza mkataba mmoja na kununua mwingine wa chini yake, tuseme wa 465, ili hasara iwe na ukomo. Gama ya mkataba alionunua inapunguza ya ule aliouza, na kikomo cha hasara anakijua tangu siku ya kwanza. Hata hivyo kuna wiki ya mwisho ya kuangalia: bei ikitua kati ya 465 na 475, mmoja unaweza kutekelezwa na mwingine ukafa, naye akajikuta Jumatatu ana vipande 100 vya dola 47,500 ambavyo hakuvipanga.

Basi anayetaka kubaki hadi mwisho hakatazwi, ila alipe kwa kupunguza idadi. Kwa mikataba iliyo kwenye bei ya makubaliano, mikataba 10 yenye siku 21 ina gama inayokaribiana na ya mikataba 4 yenye siku 3. Neema akibaki na yote 10 hadi siku ya tatu ya mwisho, ni sawa na kuamka Ijumaa ile na kuuza mingine 16 bila kulipwa ada mpya mkononi. Akijiuliza kama angefanya hivyo kwa hiari yake, atajua la kufanya, kalenda iseme 21 au isiseme.